Mweka hazina naye anachanga: kazi ya kundi kwenye somo la hisabati

"Mwalimu, hii kumi na nane ni ya nani?"

Swali hilo aliliuliza mama mmoja kwenye kikao cha wazazi, daftari la mwanawe mkononi. Kazi ya kundi ya hisabati, alama 18 kati ya 20, tiki nyekundu ukurasa mzima. Jioni yake alikuwa amempa mtoto swali lile lile wakiwa jikoni, na mtoto hakujua hata pa kuanzia. Mwalimu aliyeulizwa nilikuwa mimi, na jibu nililijua: 18 ile ilikuwa ya mtoto mwingine, wa dawati hilo hilo. Nilichomjibu pale kikaoni kilikuwa kirefu zaidi na cha kweli kidogo.

Mitaala ya Kenya na Tanzania siku hizi inamtaka mwanafunzi aoneshe umahiri, si kukariri tu, na kazi za vikundi zimekuwa jambo la kila wiki. Malalamiko nayo yamefuata. Kuna wazazi wanaosema ni ujanja wa mwalimu kupumzika. Kuna walimu wanaodhani ukishageuza madawati, watoto wakatazamana wanne wanne, basi umeshafundisha kwa kushirikisha. Pande zote mbili zinachanganya kukaa kwenye kundi na kufanya kazi kwa kundi.

Tuanze na maneno yenyewe. Kazi ya kundi, kwa maana ninayoitumia hapa, ni swali ambalo watoto wachache wanalitatua pamoja kwa kuzungumza, na ambalo mmoja peke yake angelipata kwa shida au asingelipata vizuri. Jukumu ni kazi ya kuendesha mazungumzo hayo ambayo kila mmoja amepewa kwa muda wa somo. Uwajibikaji wa mmoja mmoja maana yake ni kwamba, kundi likishamaliza, mwalimu ana njia ya kujua kila mtoto ameelewa nini, na watoto wanajua tangu mwanzo kwamba ataitumia.

Mfano wake tunao mitaani kwetu: kamati ya harusi. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mweka hazina anashika daftari la michango, anapiga simu, anakumbusha wenye ahadi. Je, kwa kuwa ana kazi hiyo ndogo, amesamehewa mchango wake? Thubutu! Naye anachanga kama wengine, na jina lake limo kwenye orodha. Cheo ni cha kuendesha kikao. Mchango ni wa kila mtu. Darasani cheo ni uenyekiti au ukatibu, na mchango ni kufikiri hesabu yenyewe.

Makosa mengi ya kazi za vikundi yanaanzia hapo. Mwalimu anagawa hesabu badala ya kugawa uendeshaji: wewe fanya swali la kwanza, wewe la pili, wewe la tatu, wewe la nne, halafu mnaunganisha. Mwisho wa kipindi kila mtoto amefanya robo ya kazi na kunakili robo tatu. Au anamteua mmoja kuwa "mkokotoaji" na mwingine kuwa "mchoraji", na yule mchoraji anatoka na picha nzuri ya mstatili bila kujua eneo lake linapatikanaje. Ndivyo nilivyofanya mimi, tena kwa makundi ya watu wanane, nikijisifu kwamba darasa limetulia.

Kwa nini mtoto anategea? Wengi husema ni uvivu, na uvivu upo, lakini si wote. Mhandisi mmoja wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Aliona kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyovuta kwa nguvu pungufu kuliko alipovuta peke yake. Sehemu ya upungufu huo ni kwamba watu wengi hawavuti kwa mapigo mamoja. Sehemu nyingine ni kutegea kwenyewe: kamba ni moja, na hakuna anayeona mkono wako umelegea. Kundi la wanafunzi wanane wenye karatasi moja na kalamu moja ni kamba hiyo hiyo.

Sababu ya pili haionekani kwa urahisi. Elizabeth Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyesomea vikundi vya darasani kwa miaka mingi, alionesha kwamba watoto huingia kwenye kundi tayari wamepangana ngazi. Fulani ni "kichwa", fulani "hajui hesabu", na ngazi hizo zinajulikana na wote kabla swali halijasomwa. Kichwa akisema, wanaandika. Asiyejua akisema, hata kama kasema sawa, hakuna anayegeuka. Na kwa kuwa anayezungumza zaidi ndiye anayejifunza zaidi, kundi lililoachwa hivi hivi linampa aliyenacho na kumwacha asiyenacho pale pale alipokuwa. Ndiyo maana ule ushauri tunaopeana ofisini, kwamba mwenye akili ndiye awe mwenyekiti, hauna faida. Unamkabidhi kipaza sauti yule ambaye tayari alikuwa nacho.

Sasa tuliangalie somo moja kwa karibu. Ni Darasa la Sita, watoto 48, vipindi viwili vilivyofuatana, yaani dakika 80. Mada ni mzingo na eneo la mstatili. Dawati la mbele linageukia la nyuma, wawili kwa wawili, na yanapatikana makundi 12 ya watu wanne. Wanne ni idadi ninayoipenda: mtoto hana pa kujificha, na akikosekana mmoja kundi bado linasimama.

Kabla ya majukumu inabidi kuwe na swali linalostahili kundi. Orodha ya hesabu kumi za kuzidisha haistahili. Anayejua atazimaliza mwenyewe na wenzake watasubiri. Mazoezi ya namna hiyo, kama kugawanya kwa njia ndefu, mimi humpa kila mtu kwenye daftari lake na darasa likanyamaza. Swali la kundi lazima liwe na mtego wa kubishaniwa. Langu lilikuwa banda la kuku.

Niliandika kadi nne kwa kila kundi. Kadi ya kwanza: kuna wavu wa mita 24 na wote utumike. Ya pili: banda ni la mstatili na upande wake mmoja ni ukuta wa nyumba, upande huo hauhitaji wavu. Ya tatu: kila upande uwe na mita kamili, hakuna nusu. Ya nne: mwenye kuku anataka banda lenye eneo kubwa kuliko yote yanayowezekana. Kila mtoto anapata kadi moja. Anaruhusiwa kuisoma kwa sauti, haruhusiwi kumpa mwenzake. Kwa hiyo hata kichwa wa darasa hawezi kuanza mpaka awasikilize watatu wengine. Juu ya meza kuna njiti 24 za kiberiti, kila moja ni mita moja ya wavu, na rula inasimama badala ya ukuta.

Majukumu nayo yalikuwa manne. Mwenyekiti anahakikisha kadi zote zimesomwa na kila mmoja amesema wazo lake kabla kundi halijaanza kukokotoa. Yeye ndiye wa kusema, "Wewe hujasema bado." Mtunza vifaa anashika njiti na rula, na ni yeye peke yake anayeweza kuniita, tena baada ya kuwauliza wenzake wote na kukuta hakuna anayejua. Kanuni hiyo ndogo ilinipunguzia mikono iliyokuwa ikinyooshwa kila dakika. Katibu anaandika jedwali la kundi kwenye karatasi kubwa, lakini haandiki mstari mpaka wengine wameukubali. Wa nne nilimwita mdadisi. Kazi yake ni kuuliza "umejuaje?" na "tumejaribu zote?", na haruhusiwi kuridhika na "ndiyo hivyo bwana".

Kwa kila jukumu niliandika ubaoni sentensi mbili za kuanzia, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na miwili ukimwambia tu "wewe ni mdadisi" atakaa anatabasamu. Anahitaji maneno ya kutia mdomoni. Na majukumu huzunguka: aliyekuwa katibu leo, somo lijalo ni mwenyekiti. Huwa nayapanga mwenyewe kwa namba za kukaa. Nikiwaachia, mwenye mwandiko mzuri atakuwa katibu mpaka amalize shule.

Utaona hakuna msemaji. Nilimwondoa makusudi. Kundi likijua kwamba fulani ndiye atakayesimama, watatu waliobaki wanapumua, na kinachobaki ni kumwandaa huyo mmoja. Badala yake kila mtoto ana namba, 1 mpaka 4, na mezani kwangu kuna kopo lenye vizibo vinne vya soda vilivyoandikwa namba hizo. Nikifika kwenye kundi, natoa kizibo. Ikitoka 3, namba 3 anaeleza, wengine wanafunga midomo. Hakuna anayejua itatoka ipi, mimi nikiwemo. Mchezo huo wa namba si wangu. Walimu wa nchi nyingi wanautumia, ila vizibo ni vyangu.

Dakika tano za kwanza hakuna kuzungumza. Kadi zikishasomwa, kila mtoto anachora banda moja kwenye daftari lake mwenyewe, lolote, na kupata eneo lake. Walimu wenzangu huziruka dakika hizi kwa kuona zinapoteza muda. Mtoto asiyekuwa na chochote kwenye daftari lake hana cha kuleta kwenye mazungumzo, na ndiye atakayekuwa wa kwanza kunakili.

Halafu kelele zinaanza. Kwenye kundi moja karibu na mlango, wawili walikuwa wamechora mabanda ya pande nne za wavu, mita 6 kwa 6, eneo la mita za mraba 36. Mwenye kadi ya pili ilibidi aisome mara tatu: ukuta hauhitaji wavu. Wakaondoa njiti sita za upande wa ukutani, wakabaki nazo mkononi, wakatazamana. Zinaenda wapi? Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Upana ukiwa mita 1 kila upande, wavu unaobaki ni mita 22, eneo 22. Upana 2, urefu 20, eneo 40. Upana 3, urefu 18, eneo 54. Upana 4, urefu 16, eneo 64.

Mmoja wao akaruka moja kwa moja kwenye 8 kwa 8. "Mraba siku zote ndio mkubwa, mwalimu alishasema." Kweli niliwahi kusema, kwa banda lenye wavu pande zote nne. Eneo likawa 64, na katibu akanyanyua kalamu aandike jibu. Mdadisi, binti ambaye tangu Januari sikuwahi kumsikia akiongea bila kuulizwa, akasoma sentensi yake ubaoni kama ilivyo: "Tumejaribu zote?" Akaguna mwenzake, lakini wakajaribu. Upana 5, urefu 14, eneo 70. Upana 6, urefu 12, eneo 72. Upana 7, urefu 10, eneo 70 tena. Mraba ulikuwa umeshindwa.

Nilipofika nikatoa kizibo, ikaja namba 2. "Sita kwa kumi na mbili," akasema haraka. Jibu sahihi, lakini jibu la mwisho kila mtu mezani analo, kwa hiyo halinioneshi chochote. Nikamuuliza, "Upana ukiwa tisa, urefu ni ngapi?" Akatazama karatasi ya katibu. Haikuwa na tisa. Kimya. Sikumsuta, wala sikumgeukia mwingine, maana nikimgeukia mwingine nimeshamwachia huyu aondoke. Nikasema, "Narudi baada ya dakika tatu, nitamuuliza huyu huyu." Nilipogeuka nyuma, watatu walikuwa wamemwinamia wakihesabu njiti. Niliporudi akanionesha: tisa na tisa ni kumi na nane, zinabaki sita. Eneo 54.

Dakika tatu hizo zina kazi kubwa. Bila kizibo, watatu wale hawana haja ya kumfundisha namba 2. Bila kurudi kwangu, hawana haja ya kumfundisha vizuri.

Makundi mawili yaliyomaliza mapema niliyapa nyongeza: kwa nini mraba umeshindwa? Moja lilipata njia nzuri kuliko niliyokuwa nimeiandaa. Mtoto alisimamisha rula akasema tujifanye ni kioo. Banda na kivuli chake kwenye kioo yanakuwa banda moja lenye wavu wa mita 48 pande zote nne, na hilo lililo kubwa kuliko yote ni mraba wa 12 kwa 12. Likate katikati, unapata 6 kwa 12. Kwa hiyo mraba haukushindwa, ulikuwa umejificha nusu ukutani.

Nitajuaje kama kundi linaenda mrama hata kabla ya kizibo? Naangalia kalamu. Ikiwa inayotembea ni moja tu, kuna watu wanategea. Nasikiliza maneno: "andika" likisikika kuliko "kwa nini", kichwa ameshika usukani. Na baadaye, nikikusanya madaftari, naangalia makosa. Majibu sahihi yanayofanana si ajabu, lakini watoto wanne wakikosea mahali pale pale kwa maneno yale yale, hapo palikuwa na mtunzi mmoja na wachapaji watatu.

Tuje kwenye alama, maana ndizo zilizomfanya yule mama asimame. Imani iliyozoeleka ni kwamba kazi imefanywa na kundi, hivyo alama ni moja kwa wote na huo ndio usawa. Si usawa. Alama ya ripoti inapaswa kusema mtoto huyu anajua nini, na alama ya pamoja haiwezi kusema hivyo. Karatasi ya kundi siku hizi naiandikia maoni tu, naibandika ukutani, siipi namba. Alama inatoka kwenye kijikaratasi cha dakika kumi za mwisho, kila mtu peke yake, mgongo kwa jirani: wavu ni mita 20, ukuta upo, mita kamili, tafuta banda kubwa na ueleze kwa sentensi moja. Chini yake kuna swali la pili: mwenzako anasema jibu ni 6 kwa 8, utamwambia nini?

Hapo huulizwa: kama alama ni za mtu binafsi, kundi lina haja gani ya kusaidiana? Robert Slavin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alipendekeza njia ninayoiona ya busara. Kila mtoto ana wastani wake wa majaribio yaliyopita, na kwenye jaribio jipya analipatia kundi pointi kwa kulinganishwa na wastani huo, si na wenzake. Akishuka kwa zaidi ya alama 10 analeta pointi 5. Akishuka kwa alama 1 mpaka 10, pointi 10. Akibaki pale pale au kupanda mpaka alama 10, pointi 20. Akipanda zaidi ya 10, au akipata zote, pointi 30. Tuseme mmoja wastani wake ni 35 akapata 48: ameleta 30. Mwenzake wa wastani wa 88 akapata 84: ameleta 10. Ghafla yule "asiyejua hesabu" ndiye mwenye thamani kubwa kwa kundi, na kumfundisha kuna faida inayoonekana. Pointi hizo ni za pongezi tu, kwa kundi kutajwa mstarini au kutoka mapumziko kwanza. Kwenye ripoti kila mtu anabaki na 48 yake au 84 yake.

Na darasa la watoto 96? Siwezi kudai mambo ni yale yale. Makundi 24, kila moja dakika mbili, ni dakika 48 za kuzunguka tu, bila zile za kurudi. Kwa darasa la hivyo mimi hupita nusu ya makundi leo na nusu somo lijalo, bila kutangaza ni yapi, na vijikaratasi ndivyo vinavyowafikia wote. Vijikaratasi 96 sivisahihishi kwa kalamu. Navigawa mafungu matatu, ameelewa, yuko njiani, bado, sekunde kumi kila kimoja, na robo saa baadaye najua kesho naanzia wapi.

Siku ya banda la kuku fungu la "bado" lilikuwa na vijikaratasi tisa, na vitatu kati yake vilitoka kundi moja. Vyote vitatu viliandika 6 kwa 8, eneo 48, "kwa sababu linakaribia mraba". Wa nne wao aliandika 5 kwa 10, eneo 50, na maelezo safi. Nikarudi kwenye orodha ya majukumu: huyo wa nne ndiye aliyekuwa mdadisi, na karatasi yao ya ukutani, yenye 72 sahihi kabisa, ilikuwa na mwandiko wake mwanzo mpaka mwisho. Katibu hakuwa ameshika kalamu hata mara moja. Kesho yake nilibadili namba za kukaa za kundi lile, kalamu nikamkabidhi mwingine, na njiti za kiberiti nikazirudisha mezani pao peke yao.